Masahihisho ya swali la 4: 7 − 3x ≤ 22

Kazi yako imeandikwa hivi:

```
7 − 3x ≤ 22
   −3x ≤ 15
     x ≤ −5
```

Mstari wa pili ni sahihi, kwa kuwa kutoa 7 pande zote mbili hakubadilishi alama. Kosa liko katika mstari wa tatu: uligawanya kwa −3 ukaiacha alama ≤ kama ilivyokuwa, ilhali ilipaswa kugeuka kuwa ≥. Jibu sahihi ni x ≥ −5.

Pembeni umehakiki jibu lako kwa kuweka −5 mahali pa x, ukapata 22 ≤ 22, ukaridhika. Uhakiki huo haukuwa na uwezo wa kulifichua kosa, kwa sababu −5 ndiyo namba pekee iliyomo katika jibu lako na pia katika jibu sahihi. Namba ya mpakani hukuonyesha kwamba mpaka umewekwa mahali pake, lakini haisemi ni upande upi wa mpaka huo unaotakiwa. Ungejaribu −6, iliyomo katika jibu lako, ungepata 7 + 18 = 25, na 25 si ndogo kuliko 22 wala si sawa nayo. Ungejaribu 0, uliyoiacha nje, ungepata 7 ≤ 22, ambayo ni kweli.

Sababu ya alama kugeuka huonekana kwenye mstari wa namba. Tunajua kuwa 2 < 6. Tukigawanya zote kwa −2 tunapata −1 na −3, na sasa iliyokuwa ndogo ndiyo kubwa, kwa kuwa kila namba imehamia upande wa pili wa sifuri na mpangilio wao umepinduka. Usichanganye jambo hili na kupata jibu hasi, kosa ambalo ni la kawaida kuliko wengi wanavyodhani: katika 3x ≤ −15 tunagawanya kwa 3, namba chanya, hivyo alama inabaki na jibu ni x ≤ −5. Kwa maneno mengine, umelijibu vizuri swali ambalo hukuulizwa.

Kama kugeuza alama kunakuponyoka, ongeza 3x pande zote mbili ili usigawanye kabisa kwa namba hasi:

```
 7 ≤ 22 + 3x
−15 ≤ 3x
 −5 ≤ x
```

Mstari wa mwisho una maana ileile ya x ≥ −5, ingawa x iko kulia. Ukiihamishia kushoto, hakikisha mdomo mpana wa alama bado unaielekea x.

Nimekupa alama 2 kati ya 3. Katika swali la 6, yaani −x/2 > 3, umezidisha kwa −2 ukaandika x > −6. Lirudie, kisha ulihakiki kwa kutumia −8 na 0.