Hati ya kuhubiria: Eliya chini ya mretemu

Mchungaji, shikamoo. Hii ndiyo nakala safi ya mahubiri ya Jumapili, kutoka kwenye zile kurasa 6 za mkono. Mkwaju mmoja (/) ni kuvuta pumzi. Miwili (//) ni kunyamaza huku ukihesabu moyoni hadi tatu. Mitatu (///) ni ukimya mrefu. Hapo acha karatasi, watazame watu. Maneno ya herufi kubwa ndiyo uliyoyapigia mstari.

Sikuyaweka yote. Ukurasa wa 3 ulikuwa umepiga mstari chini ya aya nzima, nami nimebakiza neno moja, kwa kuwa sauti ikipanda kila mahali msikilizaji hajui ashike lipi. Kama nimekosea, kalamu ni yako. Yaliyo kwenye mabano ya mraba ni kwa macho yako tu, hayasomwi.

SOMO: 1 Wafalme 19:1–21

Bwana Yesu asifiwe. [Subiri waitikie.]

Sura moja nyuma, mtu huyu alisimama juu ya Karmeli. /
Manabii wa Baali walikuwa 450. /
Nabii wa Bwana pale alikuwa MMOJA. //
Akaomba, moto ukashuka. /
Akaomba tena, mvua ikanyesha. //

Leo tunamkuta jangwani, /
amekaa chini ya mretemu, /
anaomba kufa. ///

[Hapa uliandika "nyamaza!" ukaizungushia duara. Usiikimbie.]

Yezebeli hajamgusa. /
Ametuma mjumbe tu. /
Na aliyewakabili watu 450 akakimbia. //
Akafika Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake huko. /
Akaenda mwendo wa siku nzima, PEKE YAKE. //

Aliyechoka huanza hivyo, ndugu zangu. /
Anaacha kupokea simu. /
Anakaa benchi la nyuma, anatoka kabla ya baraka. /
Ukimuuliza habari, anasema nzuri. //

Eliya yeye alilisema. /
Alisema: YATOSHA. ///

Sasa mtazameni Mungu. /
Hamkemei. //
Hamuulizi imani yake imekwenda wapi. //
Anamtumia malaika, na malaika amekuja na CHAKULA. ///

[Ukurasa wa 3 ndio huu. Neno nililobakiza ni "chakula". Mengine yote yanalielekea hilo.]

Mkate uliookwa juu ya makaa. /
Gudulia la maji. /
Eliya akala, akanywa, /
akalala TENA. //

[Chini ya "tena" kulikuwa na mistari miwili. Kwenye karatasi yako nilidhani ni kosa, mpaka niliposoma kwa sauti. Lipe nafasi yake.]

Malaika hakuchoka kumngoja. /
Akarudi mara ya pili, akamgusa, /
akamwambia inuka, ule, /
maana safari hii ni KUBWA mno kwako. //

Nimekaa na neno hilo wiki nzima. /
Sisi tungemwambia Eliya: umepungukiwa. /
Malaika wa Bwana akamwambia: safari ni kubwa. ///

[Geuza ukurasa hapa, ndani ya ukimya.]

Akatembea siku 40, mchana na usiku, /
mpaka Horebu. //
Ukapita upepo uliopasua milima, /
Bwana hakuwamo. //
Likaja tetemeko, /
hakuwamo. //
Ukaja moto. /
Moto, ndugu zangu, Eliya alikuwa anaujua. /
Hakuwamo. ///

[Shusha sauti, lakini usirudi nyuma ya kipaza sauti. Wa mwisho kabisa asikie.]

Kisha sauti ndogo, ya utulivu. ///

Na sauti ikamjia na swali: /
unafanya nini HAPA, Eliya? //

[Ulipigia mstari "hapa" na "Eliya". Mkazo kwenye jina unaifanya iwe karipio, na ukurasa mzima uliopita umesema Mungu hakumkemea. Nimeacha "hapa".]

Akajibu: nimesalia mimi peke yangu. //
Bwana akamwambia wako 7,000. /
ELFU SABA wasiompigia Baali goti. //
Na yuko Elisha, /
huko shambani, analima na ng'ombe, /
hajui kwamba anatafutwa. ///

Uliyechoka asubuhi hii, sikuombi usimame. /
Kaa hapo hapo ulipo. //
Na wewe uliye karibu naye, /
USIMHUBIRIE. /
Mpelekee chakula leo, umwache alale. ///

Tuombe.

[Baada ya hapa kuna nusu ukurasa uliyoikata kwa mstari wa mshazari, kisha ukaandika pembeni "labda". Nimeipiga chapa kwenye karatasi ya peke yake, iko nyuma ya hii. Haina namba ya ukurasa, ili usiifikie kwa bahati mbaya ukiwa mimbarini.]