Kalamu mdomoni: maswali na majibu baada ya mada kuhusu jaribio lililoshindwa kurudiwa

*Mtoa mada, mwanafunzi wa uzamili, alikuwa amemaliza kueleza utafiti wa Strack, Martin na Stepper wa 1988, uliodai kwamba mtu aliyeshika kalamu kwa meno, uso ukikaa kama anatabasamu, huona katuni zinachekesha zaidi, na marudio yake ya 2016, ambayo hayakuiona athari hiyo. Nadharia inayojaribiwa, ya mwitiko wa uso, inasema mkao wa uso huathiri hisia. Haya ni maswali yaliyofuata, kama yalivyorekodiwa.*

Mwenyekiti: Ahsante sana. Tuna nusu saa. Naomba maswali yawe mafupi, na anayetaka kutoa hotuba asubiri wakati wa chai. Profesa, naona mkono wako ulipanda kabla slaidi ya mwisho haijafunguka.

Profesa (safu ya mbele): (*kicheko*) Nimevumilia sana. Hongera, umeeleza vizuri. Lakini umepita haraka mahali ambapo mimi ningekaa. Hebu turudie takwimu zenyewe za 1988. Washiriki walikuwa wangapi, na tofauti ilikuwa kiasi gani?

Mtoa mada: Shikamoo, Profesa. Jaribio la kwanza lilikuwa na washiriki 92 katika makundi matatu, yaani kama 30 kwa kila kundi. Wa kwanza walishika kalamu kwa meno, kwa hiyo misuli ya uso ikakaa kama ya mtu anayetabasamu. Wa pili waliishika kwa midomo, uso ukawa kama wa mtu aliyenuna. Wa tatu waliishika kwa mkono ambao hawakuuzoea. Wakapima katuni zinachekesha kiasi gani, kuanzia 0 hadi 9. Kundi la meno lilipata wastani wa 5.14, la midomo 4.32. Tofauti ni 0.82.

Profesa: Na p?

Mtoa mada: 0.03, yaani kama athari haipo, bahati tupu ingetoa tofauti kubwa kiasi hicho mara 3 katika 100. Ila ni ya mkia mmoja, inahesabu upande uliotabiriwa tu.

Profesa: Ndiyo hiyo. Ya mikia miwili je?

Mtoa mada: Inavuka 0.05, mpaka wa kawaida wa kukubali matokeo. Inakaribia 0.07.

Profesa: Basi swali langu ni hili. Tunahangaika kutafuta kwa nini athari "imepotea" 2016. Una uhakika gani kwamba 1988 ilikuwepo?

Mtoa mada: Kwa jaribio lile peke yake, uhakika wangu ni mdogo. Kutumia mkia mmoja si kosa, kwa sababu nadharia yao ilitabiri upande mmoja, na enzi hizo ilikuwa kawaida. Kinachonitia shaka zaidi ni ukubwa wa sampuli. Tuseme athari ya kweli ipo lakini ni ndogo, kama 0.2 ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika. Uchambuzi wa Coles na wenzake wa 2019, uliojumlisha tafiti 138 za mwitiko wa uso, ulipata wastani wa kiasi hicho. Ukiwa na watu 30 kwa kila kundi, utaipata kama mara 12 tu katika kila majaribio 100.

Profesa: Na ukibahatika kuipata?

Mtoa mada: Hapo ndipo penye mtego. Kwa sampuli hiyo, ili p ya mikia miwili ishuke chini ya 0.05, tofauti uliyoiona lazima ifike kama nusu ya mchepuko sanifu. Maana yake, kila "ushindi" utakaochapishwa utakuwa umevimba mara mbili na nusu au zaidi kuliko ukweli. Kwa hiyo ile 0.82 inaweza kuwa bahati tupu, au athari ndogo ya kweli iliyobebwa na bahati. Namba pekee haziwezi kutuambia ni ipi kati ya hizo mbili.

Mwenyekiti: Pale katikati, kaka mwenye daftari.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza: Samahani kama swali ni la kitoto. Marudio ya 2016 yalikuwa na watu wengi, sawa. Lakini wingi si ubora. Wakikosea wote kwa namna moja, si ni kosa moja kubwa tu?

Mtoa mada: Si la kitoto hata kidogo. Maabara zilikuwa 17, washiriki 1,894 baada ya kuwaondoa wasiofaa. Tofauti ya jumla ilikuwa 0.03, na kipindi cha uhakika cha 95% kinaanzia -0.11 hadi 0.16, yaani sifuri imo ndani. Maabara 9 ziliegemea upande wa utafiti wa mwanzo, 8 upande wa pili, kama kurusha sarafu. Lakini ulichosema ni kweli: namba hizo zinaondoa shaka ya bahati, haziondoi shaka ya utaratibu. Kama itifaki ina kasoro, maabara zote 17 zimeirithi.

Mwanafunzi: Na ina kasoro?

Mtoa mada: Ina jambo moja ambalo halikuwepo 1988. Kamera.

Mhadhiri (saikolojia ya jamii): Hapo hapo nilikuwa nakungoja, dada. Umeipa kamera slaidi moja, tena ya mwisho. Mimi nadhani ndiyo habari yote. Mtu akijua anarekodiwa anaanza kujitazama kwa jicho la nje, na anaacha kusikiliza mwili wake. Anahukumu katuni kwa vigezo vya nje: je, hii inachekesha kweli, au nitaonekana mjinga? Ishara ya misuli inafunikwa. Strack mwenyewe aliitaja kamera katika jibu lake la 2016, na 2018 Noah, Schul na Mayo wakaijaribu. Bila kamera athari ikaonekana, na kamera ilipokuwepo ikatoweka. Unataka nini tena?

Mtoa mada: Ahsante, Daktari. Kwanza niseme kwa nini kamera iliwekwa, maana wengine wanaweza kudhani ilikuwa uzembe. Iliwekwa ili wakaguzi waone kama mshiriki kweli ameshika kalamu ilivyotakiwa. Jaribu mwenyewe: kalamu kwenye meno, midomo isiiguse, halafu uzungushie namba duara kwa kalamu hiyo hiyo. Baada ya katuni ya pili midomo inashuka yenyewe. Bila kurekodi, hujui nani alikuwa "anatabasamu" na nani alikuwa ameishikilia tu isianguke. Kamera ilitibu tatizo moja, na huenda ikaleta jingine.

Mhadhiri: Tumekubaliana basi.

Mtoa mada: Mpaka hapo, ndiyo. Tunapoachana ni kwenye utafiti wa 2018. Nauheshimu, kwa sababu waliandikisha mpango wao mapema. Lakini dai kwamba kamera inafuta athari halithibitishwi kwa kuonyesha p ndogo upande mmoja na p kubwa upande mwingine. Linathibitishwa kwa kupima kama tofauti ya upande huu *inatofautiana* na tofauti ya upande ule. Kipimo hicho cha mwingiliano kilitoa p ya 0.102, kwa washiriki 166.

Mhadhiri: Kwa sampuli ndogo hiyo ulitarajia nini? Umetoka kutuambia sasa hivi kwamba sampuli ndogo haioni kitu.

Mtoa mada: Na ndiyo maana sisemi wameshindwa. Nasema hawajamaliza. Sampuli ndogo haiwezi kuwa udhaifu inapopinga na utetezi inapounga mkono.

(*Minong'ono. Mtu wa nyuma anapiga makofi mara moja, kisha anaacha.*)

Mhadhiri: Hilo nalikubali, shingo upande.

Mwenyekiti: Nililete la kwangu kabla hatujahama. Maelezo ya kamera yalikuja baada ya matokeo. Kama kamera ilikuwa hatari hivyo, mbona hakuna aliyeikataa itifaki ilipokuwa inapangwa?

Mtoa mada: Strack ndiye aliyejitolea utafiti wake urudiwe, na alitoa vifaa vya awali. Ni jambo la heshima sana, wengi hawathubutu. Lakini wazo linalozaliwa baada ya matokeo si lazima liwe la uongo. Linabaki dhana mpaka lipimwe upya kwa takwimu mpya. Shida inaanza tunapolichukua kama jibu na kuendelea kufundisha matokeo ya 1988 kama kwamba hakuna kilichotokea.

Msikilizaji (mtaalamu wa takwimu): Fupi tu. Kuwaondoa washiriki waliokosea kushika kalamu: huoni hilo lenyewe linaweza kupinda matokeo? Ukiondoa wengi kundi la midomo kuliko la meno, makundi hayafanani tena.

Mtoa mada: Linaweza. Kanuni za kuondoa ziliandikwa kabla, hivyo hakuna aliyechagua baada ya kuona matokeo. Lakini kuandikwa mapema hakufanyi kanuni isiwe na upendeleo. Naafiki.

Mwanafunzi wa uzamili: Mimi najiuliza kuhusu katuni zenyewe. Kinachochekesha vijana wa miaka ya 1980 si lazima kiwachekeshe wa 2016.

Mtoa mada: Strack alilitaja hilo pia. Kwa marudio, katuni zilipimwa kwanza na watu wengine, zikachaguliwa zile za wastani, zisizochekesha mno wala kuchosha, ili kubaki nafasi ya kupanda au kushuka. Kwa hiyo sidhani kama hoja hiyo ina uzito. Ile ya wanafunzi wa saikolojia kuwa tayari wanaujua utafiti ina uzito zaidi, maana huu uko kwenye vitabu vya kiada. Waliobaini lengo waliondolewa, lakini hiyo inategemea mshiriki akiri kwamba amebaini.

Profesa: Swali la mwisho, na ninaomba nijibiwe bila kuzunguka. Nadharia imekufa?

Mtoa mada: Kalamu iko mahututi. Nadharia, hapana. Mradi wa 2022 ulioongozwa na Coles uliwakusanya watetezi na wapinzani meza moja, washiriki 3,878 kutoka nchi 19. Walipima njia tatu. Kuiga uso wa mtu aliye kwenye picha, na kusogeza misuli ya uso kwa kufuata maelekezo, vyote viwili viliongeza furaha kidogo. Kalamu haikutoa jibu la wazi.

Mhadhiri: Unaona! Iko.

Profesa: Subiri kwanza. Njia mbili zilizofanya kazi ni zile ambazo mshiriki anajua kabisa ameambiwa akunje uso namna gani. Iliyoshindwa ni ile pekee iliyobuniwa ili asijue. Hilo halikutishi?

Mtoa mada: Linanitisha, ndiyo. Waandishi waliweka kazi nyingine za kuficha lengo, lakini ukiambiwa "inua pembe za mdomo" huhitaji shahada kujua unatabasamu. Upande mwingine, kalamu inachosha misuli na haileti tabasamu kamili, kwa hiyo inaweza kushindwa kwa sababu ya ubovu wa kifaa tu. Maelezo yote mawili yanatabiri matokeo yale yale.

Profesa: Sasa utayatenganishaje?

Mtoa mada: Ningechukua kuiga uso, nikawagawa washiriki kwa bahati nasibu: nusu waambiwe wanasayansi wanatarajia furaha ipande, nusu waambiwe wanatarajia ishuke. Kama furaha inafuata maelezo, ni matarajio. Kama inapanda kwa wote, ni uso. Na ningehesabu sampuli kwa ajili ya mwingiliano, ambayo itakuwa kubwa kuliko bajeti yangu.

Mhadhiri: Na kamera?

Mtoa mada: Nusu ya vyumba iwemo, nusu isiwemo. Daktari, ukikubali kuwa mwandishi mwenza tunaandikisha mpango mwezi ujao, na utabiri wako unauandika mwenyewe kabla hatujakusanya chochote.

Mhadhiri: Niletee rasimu.

Mwenyekiti: Imeingia kwenye kumbukumbu za kikao. Chai iko tayari.