Jumanne ya Tarehe 18

Bi Mwanaidi alianza na ukurasa wa mwisho. Hakimu aliyekaa miaka mingi Mahakama ya Mwanzo hujua kwamba maneno ya mkataba yanaweza kunakiliwa kutoka popote, bali kwenye sahihi ndiko unakoona nani ataitwa siku ya siku. Akaona dole gumba la muuzaji kwa wino wa buluu, sahihi ya mnunuzi, mashahidi wawili, na muhuri wa mtendaji wa kata uliogongwa kidogo upande. Kisha akarudi mwanzo, akavaa miwani.

"Mkataba huu wa mauziano ya kiwanja umefanyika leo siku ya Jumanne, tarehe 18 mwezi Juni mwaka 2022, kati ya Athumani Shemzigwa..."

Bakari alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, anakunywa chai ya tangawizi. Amekuja kutoka Tanga mjini na basi la saa mbili, na mkataba ameutia ndani ya bahasha ya kaki pamoja na picha zake za pasipoti. Jumatatu anataka kuupeleka halmashauri ya Muheza aanze mambo ya hati. Alichomwomba shangazi yake ni kidogo tu: aupitie, asije akarudishwa dirishani kwa kukosa kitu.

"Kiwanja ni kile cha njia ya Pongwe?"

"Ndicho, shangazi. Ishirini kwa thelathini. Milioni tisa."

Bi Mwanaidi hakujibu. Alikuwa anaitazama kalenda ya ukutani, ile ya chama cha kuweka na kukopa, iliyofunguliwa mwezi wa Julai 2024. Akaunyanyua ukurasa kurudi Juni. Tarehe 18 ilikuwa Jumanne.

Mwaka 2024, sawa. Je, 2022?

Hesabu hii hakuihitajia simu. Tarehe ileile husogea siku moja mbele kila mwaka, na husogea mbili kama Februari 29 imepita katikati. Ukirudi nyuma, unatoa. Kutoka Juni 2024 hadi Juni 2023 kuna Februari 29, unatoa mbili: Jumapili. Kutoka 2023 hadi 2022 unatoa moja: Jumamosi. Tarehe 18 Juni 2022 ilikuwa Jumamosi.

Siku kukosewa peke yake hakuvunji mkataba. Amepokea nyaraka nyingi zilizokosewa siku na zilikuwa halali kabisa. Lakini makosa ya kweli yana tabia zake. Mchapaji aliyeandaa karatasi jioni kwa ajili ya kesho hukosea siku moja, Jumatatu ikawa Jumapili. Anayetumia mkataba wa zamani uliobaki kwenye kompyuta hubadilisha majina na bei akasahau siku ya juma. Hapo siku haifanani na chochote. Jumanne ya tarehe 18 Juni ilikuwapo pia mwaka 2019, na ingewezekana mtu alikuwa na mkataba wa siku hiyohiyo ya mwaka ule. Ingewezekana, ila ni bahati ndefu. Kilicho karibu zaidi ni mtu aliyeandika siku na tarehe ya leo kwa ukweli mtupu, kisha akakumbuka kwamba mwaka ndio anaotakiwa kuubadilisha.

Na anayerudisha mwaka nyuma huwa ana jambo analolikimbia. Mzee Athumani alifariki Februari 2023. Bi Mwanaidi alikuwapo msibani.

Akarudi tena kwenye lile dole gumba. Mzee Athumani alikuwa mzee wa baraza mahakamani kwake. Kesi ikiisha, wazee wa baraza walitia sahihi pamoja na hakimu, na sahihi yake ilikuwa na A kubwa yenye mkia uliopita chini ya jina lote. Mtu wa mwandiko ule hawezi kuuza kiwanja kwa kidole.

"Baba," alisema. Bakari alipewa jina la babu yake, kwa hiyo shangazi hamwiti kwa jina. "Siku mliyotia sahihi, ilikuwa siku gani?"

"Si imeandikwa hapo, shangazi?"

"Imeandikwa. Nakuuliza wewe."

Bakari aliweka kikombe chini. "Jumanne."

"Jumanne ya kwanza baada ya Iddi?"

Akanyamaza. Iddi ilikuwa Jumatatu, tarehe 17. Alilala hapa, na Jumanne asubuhi akaondoka kabla jua halijapanda, akiwa na pilau lililobaki ndani ya hotipoti, akisema ana mtu wa kumwona njia ya Pongwe. Hotipoti lenyewe lilikuwa halijarudi.

"Pesa ulilipaje?"

"Benki. Nilimwingizia Ramadhani kwenye akaunti yake."

"Risiti unayo?"

Ilikuwa ndani ya bahasha ileile, nyuma ya picha za pasipoti. Tarehe 19 Juni 2024. Bi Mwanaidi akailaza juu ya mkeka sambamba na mkataba, bila kusema neno, na akamwacha aone mwenyewe.

Ikatoka polepole. Dalali ndiye aliyemkutanisha na Ramadhani, mtoto mkubwa wa marehemu. Bei ilikuwa nzuri kwa sababu Ramadhani alitaka pesa haraka. Bakari aliuliza habari za mirathi, akaambiwa mirathi ni miezi, ni nauli, ni vikao na mashangazi wa Lushoto wasioisha maneno. Basi mkataba utaandikwa mwaka ambao mzee alikuwa hai, kila mtu anafanya hivyo. Kidole ni cha Ramadhani. Mashahidi ni dalali na mdogo wake.

"Sikujua kama ni kubaya kiasi hicho," Bakari alisema. "Nilijua Ramadhani ndiye mrithi. Cha baba yake ni chake."

"Kina wenyewe wangapi?"

"Wapo wanne. Na mama yao."

"Bi Fatuma amekubali?"

Bakari akaangalia chini. "Ramadhani alisema amemweleza."

Kisha, kama mtu aliyeona mwanya: "Shangazi, kama shida ni siku tu, basi tuchape upya. Tuandike Jumamosi. Ramadhani anaweza kuja leo hii."

Bi Mwanaidi alijua tangu alipofungua kinywa kwamba swali hili litafika. Kuonyesha ufa ni kumwonyesha mtu mahali pa kupaka chokaa. Alikunja mkataba, akaurudisha kwenye bahasha, bahasha akaiweka mapajani mwake.

"Ukiandika Jumamosi, utaulizwa nani alifungua ofisi ya mtendaji siku hiyo, maana muhuri wake haugongwi Jumamosi. Ukiuondoa muhuri, utaulizwa mbona benki imelipa miaka miwili baadaye. Na ukilipata jibu la hilo, ushuru wa stempu hulipwa ndani ya siku thelathini tangu mkataba kusainiwa, kwa hiyo utalipa na faini ya kuchelewa kwa jambo ambalo halikutokea. Lakini Baba, sikukatazi kwa sababu utakamatwa. Nakukataza kwa sababu hiki kidole ni cha uongo, na wewe uliketi ukakiona kinapigwa."

"Nitafungwa?"

"Kughushi ni kosa la kifungo. Kuipeleka hii karatasi dirishani Jumatatu ukijua ilivyo, hilo nalo ni kosa lake peke yake. Mpaka sasa hujaipeleka. Hapo ndipo uliposimama."

Alimweleza yaliyobaki taratibu, kama alivyokuwa akiwaeleza wadaawa wasio na wakili. Maiti haiuzi. Mtoto wa marehemu naye hauzi, hata akiwa mkubwa, hata akiwa ndiye aliyemuuguza. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kabla hajateuliwa, aliyenunua kwa mtu mwingine amenunua hewa. Leo atajenga msingi, kesho atapandisha tofali, na Bi Fatuma au mtoto yeyote ana miaka kumi na miwili ya kudai ardhi. Nyumba ikifika kwenye lenta ndipo kesi hufunguliwa. Ameziona hizo nyingi kuliko anavyotaka kukumbuka.

"Njia yake ni hii. Ukoo unakaa kikao, unaandika muhtasari, unapendekeza msimamizi. Wote waliohudhuria wanatia sahihi, na mjane awe miongoni mwao. Cheti cha kifo wanacho?"

"Sijui."

"Kama hawana, ni RITA kwanza. Kisha Mahakama ya Mwanzo, fomu namba moja. Mahakama inatoa tangazo, mwenye pingamizi aje. Akiteuliwa, msimamizi anapewa fomu namba nne. Hiyo namba nne ndiyo unayotakiwa kuiona kwa macho yako kabla ya kutoa hata shilingi. Yeye ndiye atakayekuuzia, kwa mkataba mpya, tarehe ya siku hiyo, mbele ya wakili. Na pesa ya mauzo inaingia kwenye hesabu za mirathi, igawanywe."

"Na tisa yangu?"

"Ramadhani anayo. Ama aitoe mbele ya kikao, iwe malipo ya kiwanja wakikubali kuuza, ama akurudishie. Usiniulize kama amebakiza ngapi."

Bakari alifunika uso kwa viganja viwili. Milioni tisa zilikuwa akiba ya bodaboda mbili na mkopo wa ofisini. Bi Mwanaidi hakumwambia itakuwa sawa. Aliingia ndani, akatoka amejitanda khanga yake ya kutokea na bahasha mkononi.

"Vaa viatu."

"Twende wapi?"

"Kwa Bi Fatuma. Si mbali."

Walimkuta mjane uani anapepeta mchele, miguu imenyooshwa kwenye jamvi. Bakari akapiga goti kidogo, akaamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba. Wakaulizana hali, wakarehemu marehemu. Bi Mwanaidi akaketi chini naye, na baada ya kitambo akasema kilichowaleta ni kiwanja cha njia ya Pongwe, na kwamba kijana huyu ni mtoto wa kaka yake.

"Ah, huyu ndiye mpangaji?" Bi Fatuma akamtazama Bakari kwa uso mzuri. "Ramadhani aliniambia amekikodisha, alimwe mihogo mpaka mirathi ifunguliwe. Akanipa laki moja. Nikasema, Mungu ambariki, kisikae pori."

Ungo ulisimama mikononi mwake alipoona hakuna anayeitikia.

Bakari alimgeukia shangazi yake. Bi Mwanaidi aliutoa mkataba ndani ya bahasha, akamkabidhi yeye, si mjane.

"Msomee," akasema. "Anzia juu."