Makubaliano ya kamisheni kwa wateja unaoniletea

Msamvu, Morogoro
Tarehe 2 Februari 2026

Kwa Mama Neema, duka la vifaa vya ujenzi, Kihonda

Shikamoo mama.

Tulivyozungumza dukani kwako wiki iliyopita nimeyaweka kwenye maandishi, kila mmoja abaki na nakala yake. Wewe kwangu ni kama mzazi, na ndiyo sababu sitaki biashara yetu iendeshwe kwa kukumbuka nani alisema nini. Mwaka juzi nilikuwa na mtu aliyeniletea wateja kwa maneno matupu. Alidai kamisheni ya nyumba ambayo mwenye nyumba aliletwa na shemeji yangu, nami nilikuwa nimeshamlipa kamisheni ya advansi ya mteja mwingine aliyeghairi na kudai hela yake. Tulikuwa marafiki, leo tukikutana sokoni tunapishana. Sitaki yatokee hayo kati yangu na wewe.

Humu ndani “Karakana” ni mimi na kazi zangu za aluminiamu hapa Msamvu. “Duka” ni wewe na vijana wako wa kaunta. Ukisoma ukaona pametofautiana na tulivyoongea, pigia mstari kabla hujasaini.

1. Mteja anayehesabika

Mteja wa Duka ni yule uliyemtuma kwangu na taarifa yake ukaniletea kabla hajafika karakana au kabla sijaenda kumpimia. Kumwambia mtu “nenda kwa Rashidi” bila kunijulisha hakutoshi, hata kama kweli amekuja kwa neno lako, maana mimi sina njia ya kujua.

Zabuni au kazi ya shule ya serikali, zahanati, halmashauri au ofisi yoyote ya umma haina kamisheni, na usinitumie mtumishi anayetaka “chake” ndani ya bei. Hiyo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa inaitambua kwa jina lake, na sitaki jina lako wala langu liingie huko.

2. Namna ya kumwandikisha

Tuma ujumbe wa WhatsApp kwenye namba ya karakana, si namba yangu ya nyumbani. Andika jina la mteja, simu yake, mtaa, nyumba imefikia wapi, na anachotaka. Mfano: “Mwalimu wa Mkundi, vyumba vitatu, imeshapauliwa, dirisha 9 na milango 2, amekubali umpigie.”

Hayo maneno ya mwisho yasikosekane. Muulize mteja kwanza kama anaridhia namba yake nipewe. Tangu ilipopita Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya mtu si kitu cha kugawa tu, na hata bila sheria, mtu akipigiwa simu na fundi asiyemjua anakasirikia duka lililompa.

Nitakujibu ndani ya siku moja ya kazi kwa namba, kuanzia MN-01 kwenda mbele. Namba hiyo naiandika kwenye daftari, kwenye profoma ya mteja, na nyuma ya kila risiti yake. Namba ikishatoka, mteja ni wako. Nisipojibu ndani ya muda huo, ujumbe wako unahesabiwa umepokelewa tangu saa ulipotumwa. Uzembe wangu usikugharimu wewe.

Kama mteja nilikuwa naye tayari, nitakwambia hapohapo na kukupigia picha ukurasa wa daftari wenye tarehe. Nisipokuonyesha ukurasa, mteja ni wako.

Ikitokea fundi mjenzi naye amemleta mtu yuleyule, kamisheni ni moja na inakwenda kwa aliyetangulia kwenye daftari. Mkiwa mmeandikisha siku moja, mtagawana nusu kwa nusu. Siwezi kulipa mara mbili bila kumpandishia mteja bei, na hilo sitalifanya.

3. Namba inadumu miezi 12

Hapa ndipo nilipofikiria sana. Wenzangu wengi wanatoa siku 60 au 90, halafu mteja akirudi baada ya hapo wanasema muda umeisha. Kwa ujenzi wa kwetu huo ni udhalimu. Mtu ananunua bati kwako mwezi wa tatu, anapaua, anasubiri mazao au mkopo wa kikundi, anapiga plasta mwezi wa tisa, madirisha anayafikiria karibu na Krismasi. Nyumba za Lukobe na Mkundi zimejaa matundu yaliyozibwa kwa mabanzi, na wenyewe siyo kwamba wameghairi.

Kwa hiyo namba inadumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Mteja akilipa advansi ndani ya muda huo, kamisheni ni yako hadi kazi yake iishe, hata ikichukua miaka miwili. Miezi 12 ikikaribia kuisha na mteja bado anajenga, nitumie ujumbe na hali ya nyumba yake ilivyo, nami nitaongeza miezi 6, mara moja tu.

Mteja huyohuyo akirudi na kazi nyingine ndani ya miezi 12 tangu amalize kulipa ya kwanza, kamisheni ni kamili. Jirani aliyeona kazi akaja mwenyewe si wa Duka, isipokuwa naye umemwandikisha.

4. Kiwango

Kamisheni ni 5% ya hela ambayo mteja amelipa kweli kwa aluminiamu, vioo, wavu wa mbu na ufundi. Usafiri hauingii, wala grili za chuma, maana hizo namlipa mchomeleaji na mimi sipati kitu. Nikimpunguzia mteja bei, kamisheni inashuka kwa uwiano huohuo. Lakini nikitaka kupunguza zaidi ya 8% nitakupigia kwanza. Karakana kwa sasa haijasajiliwa VAT. Siku itakaposajiliwa, kamisheni itapigwa kwenye bei kabla ya VAT, kwa kuwa hiyo hela ni ya serikali.

Bei kwa mteja naitaja mimi baada ya kupima. Tafadhali vijana wa kaunta wasitaje bei ya dirisha, wasipokee advansi yangu, na wasiahidi siku ya kumaliza. Mteja akiuliza kama Duka linapata chochote, tumwambie kweli kwamba linapata, na kwamba bei yake ni ileile ya anayekuja mwenyewe.

5. Kamisheni inaiva lini

Wateja wangu hulipa mara tatu: 60% kama advansi, 30% fremu zikifika saiti, 10% kazi ikikabidhiwa. Kamisheni inafuata hela, haifuati profoma. Mteja akilipa sehemu, nawe sehemu yako inaiva. Asipolipa, haijaiva, hata kama madirisha yameshafungwa.

Ila advansi ina sharti lake. Advansi ikiingia, 5% yake inasubiri hadi siku nitakapokata profaili. Kabla ya hapo mteja anaweza kughairi na narudisha hela yake yote; nikishakata vipimo vyake, vipande havimfai mtu mwingine na hela hairudi. Siku ya kukata nitakutumia picha ya fremu zikiwa mezani zimeandikwa namba yake. Nikikaa na advansi siku 21 bila kukata kwa sababu zangu mwenyewe, kamisheni yake inaiva bila kusubiri.

Kilichoiva ndani ya mwezi kinalipwa tarehe 5 ya mwezi unaofuata, kwa simu, kwenye namba yako ya biashara, pamoja na ya kutolea.

Tumchukue yule mwalimu wa Mkundi. Tuseme kazi yote ni shilingi 4,860,000, ndani yake usafiri 60,000 anaoulipa kando. Kamisheni inapigwa kwenye 4,800,000, yaani jumla 240,000. Analipa advansi 2,880,000 tarehe 12 Machi, nakata profaili tarehe 16: imeiva 144,000. Fremu zinafika tarehe 27 Machi, analipa 1,440,000: imeiva 72,000. Tarehe 5 Aprili unapokea 216,000. Halafu mwalimu anakwama, 480,000 ya mwisho anailipa tarehe 9 Mei. Tarehe 5 Juni unapokea 24,000 iliyobaki. Kama ile ya mwisho asingeilipa kabisa, ile 24,000 isingekuwepo, na zile 216,000 nisingekudai urudishe.

Nikilazimika kumrudishia mteja hela kwa kosa la karakana, mfano fremu imepinda, kamisheni uliyokwisha pokea inabaki kwako. Kosa si lako.

6. Taarifa ya kila mwezi

Kila tarehe 3 nitakutumia orodha ya namba zote zilizo hai: mteja amefikia wapi, amelipa kiasi gani, kimeiva nini, umelipwa nini. Nitaituma hata mwezi usio na kitu, maana kimya ndicho kinacholeta wasiwasi. Neema au yeyote utakayemtuma anaweza kuja karakana kulinganisha orodha na daftari na risiti, siku yoyote ya kazi, bila kunipa taarifa.

Ukiona kasoro, niambie ndani ya siku 30. Nikichelewesha malipo kupita tarehe 15, una haki ya kusitisha kunitumia wateja na namba zako zilizopo zinaendelea kuwa hai kama kawaida. Riba sijaiweka na wewe umekubali tusiiweke.

Silikoni na skrubu ninazokopa kwako ni hesabu nyingine. Usikate deni hilo kwenye kamisheni, nami nisiseme “tutakatana”. Zikichanganyika hizo mbili, baada ya miezi mitatu hakuna atakayejua nani anamdai nani.

Sheria ya kodi ya mapato ikinitaka nizuie kodi kwenye malipo yako, nitaiwasilisha TRA na kukupa cheti chake. Kiasi kitaonekana kwenye orodha ya mwezi.

7. Kuachana na kutoelewana

Yeyote anaweza kusitisha makubaliano haya kwa taarifa ya maandishi ya siku 30. Wateja walioandikishwa kabla ya siku ya mwisho wanabaki wa Duka hadi miezi yao iishe. Hela ya kazi uliyokwisha ifanya haifi kwa sababu tumeachana.

Mungu akipitisha lake kwako, kamisheni zote analipwa Neema. Akipitisha kwangu, mke wangu anajua daftari lilipo na amesoma karatasi hii.

Tukishindwana, tutakaa kwanza mbele ya Mzee Omari ambaye sote tunamheshimu, ndani ya siku 14. Tukishindwa hapo, kila mmoja yuko huru kwenda mahakamani, na karatasi hii ni mkataba kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Makubaliano yanaanza tarehe 9 Februari 2026. Yule mwalimu na mama wa Bigwa uliyenitajia wiki iliyopita nimeshawaandika: MN-01 na MN-02.

Nimesaini nakala mbili. Naomba usome na Neema, usaini zote, ubaki na moja, nyingine mpe kijana atakayekuja kuchukua silikoni.

Rashidi, mwenye karakana
Mama Neema, mwenye duka
Mashahidi: Neema, kwa upande wa Duka, Fundi Juma, kwa upande wa Karakana