Bima ya duka: kipi tunalipa, kipi hatulipi

Shikamoo mama, ndo mimi wakala wa bima, tulikubaliana nikupitishe kwenye hii bima ya duka lako la vyakula hapa Mbagala kabla hujalipa hata shilingi.

Moto tunalipa, radi tunalipa, na mwizi akivunja kufuli au akitoboa ukuta tunalipa, lakini kuwe na alama za kuvunja na ripoti ya polisi. Mafuriko hayamo kwenye bima ya kawaida, yanaongezwa kwa hela kidogo, na mimi kwa ulipo karibu na mtaro naomba sana uongeze.

Sasa hatulipi nini. Kijana wa dukani akikomba droo akatokomea, hapana. Mchele ukiota wadudu, maziwa yakipita muda, hapana. Umeme ukirudi kwa nguvu friji likaungua lenyewe, hilo pia halimo, ila moto ukitokea hapo ukasambaa dukani, mzigo ulioungua tunalipa.

Hapa ndo watu wengi wanaumia mama, nisikilize vizuri: kama mzigo una thamani ya milioni 20 ukaandikisha 10 ili ulipe kidogo, moto ukala wa milioni 8, utapata milioni 4 tu kwa sababu ulikata bima nusu. Kwa hiyo leo tuhesabu mzigo wote, hata ule wa stoo, na risiti zake zipige picha uzitunze kwenye simu, zisibaki dukani.

Ukipata janga nipigie siku hiyohiyo, usifagie kitu mpaka mkaguzi afike. Haya, tuanzie shelfu ipi?