Rufaa ya kufungiwa akaunti: duka la leso, Mombasa

Kwa kitengo cha wauzaji,

Mmefunga akaunti yangu ya kuuza mtandaoni kwa madai matatu: bidhaa bandia, kuchelewa kutuma na matangazo yaliyorudiwa. Najibu kila moja.

Bidhaa bandia: nakanusha. Leso zote 64 zilinunuliwa kwa jumla Mtaa wa Biashara; nimeambatisha risiti 3 na picha za pindo zenye jina la mtengenezaji. Mkihitaji, nitatuma doti moja mkaikague.

Kuchelewa kutuma: ni kweli, na wateja nawaomba radhi. Oda 9 kati ya 41 zilipita saa 48 kwa sababu leso zilizouzwa dukani hazikupunguzwa kwenye hesabu ya mtandaoni. Sasa nahesabu stoki kila jioni, na doti ya mwisho ya kila muundo haiwekwi mtandaoni.

Matangazo yaliyorudiwa: ni rangi 5 za muundo mmoja, kila moja na tangazo lake; nitayaunganisha mkishafungua akaunti.

Naomba pia malipo ya oda zilizokwisha pokelewa na wateja yaachiliwe.

Mwenye duka