TAARIFA YA UZOAJI TAKA KWA MWEZI MACHI 2025

Kwa: Mkurugenzi wa Mji
Kutoka: Msimamizi wa Taka Ngumu na Usafi wa Mazingira
Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi, Afisa Usafirishaji, Afisa Utumishi
Tarehe: 3 Aprili 2025

Ndugu Mkurugenzi,

Mwezi Machi tumezoa tani 888.6. Februari tulizoa tani 931. Machi ina siku 3 zaidi, kwa hiyo kushuka kwenyewe ni kukubwa kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha: tumetoka wastani wa tani 33 kwa siku hadi chini kidogo ya tani 29. Kwa makadirio tunayotumia, ya watu 92,000 na nusu kilo ya taka kwa kila mtu kwa siku, mji unazalisha tani 46 kila siku, yaani tani 1,426 kwa mwezi mzima. Tumeondoa asilimia 62. Februari ilikuwa asilimia 72.

Sababu kubwa ni moja, nayo ni gari Na. 2 kulala siku 19. Nitaieleza kwa kirefu hapo chini kwa sababu uamuzi ninaouomba kwako unatokana nayo.

Tani na namna zilivyohesabiwa

| Gari | Siku kazini | Tripu | Wastani wa tripu (tani) | Jumla (tani) |
|---|---|---|---|---|
| Na. 1, la kushindilia | 29 | 58 | 5.8 | 336.4 |
| Na. 2, la kushindilia | 12 | 24 | 5.8 | 139.2 |
| Na. 3, tipa | 28 | 56 | 3.2 | 179.2 |
| Na. 4, tipa | 22 | 40 | 3.2 | 128.0 |
| Na. 5, la makontena | 27 | 46 | 2.3 | 105.8 |
| Jumla | | 224 | | 888.6 |

Dampo letu halina mizani. Wastani huo tumeupata kwa kupima magari yote kwenye mizani ya ghala la mazao kuanzia tarehe 10 hadi 16 Machi, gari likiwa na mzigo na likiwa tupu. Gari Na. 2 lilikuwa gereji wiki hiyo, kwa hiyo nimelipa wastani wa Na. 1 kwa kuwa ni ya aina moja. Idadi ya tripu nimeichukua kwenye daftari la mlinzi wa dampo, si kwenye daftari za madereva. Sababu utaiona kwenye sehemu ya malalamiko.

Mvua zilianza wiki ya pili, na taka iliyolowa ni nzito. Sehemu ya tani hizi ni maji. Soko Kuu peke yake lilitoa tani 41 katika wiki ya upimaji, karibu zote majani, maganda na matunda yaliyooza. Kila siku tunabeba maji ya mboga kwa dizeli hadi dampo.

Kuharibika kwa magari

Tarehe 8 Machi, saa tisa alasiri, gari Na. 2 lilikuwa nyuma ya Soko Kuu likiwa limeshajaa zaidi ya nusu. Hozi ya haidroliki inayosukuma bamba la kushindilia ilipasuka. Mafuta yalimwagika barabarani, bamba likabaki limekwama katikati na mlango wa nyuma haukufunguka. Nilifika pale saa kumi. Hatukuweza kulivuta gari likiwa na mzigo ule, na kuuacha ulale humo kwa joto lile kungeleta harufu isiyovumilika kwa watu wa jirani. Wazoaji watano waliingia zamu kwa zamu kupitia mlango mdogo wa pembeni, wakaitoa taka ile kwa beleshi na uma hadi saa mbili usiku, wakiipakia kwenye tipa Na. 3. Hakuna aliyeondoka kabla ya kazi kuisha. Naomba uwaandikie barua ya pongezi. Majina yao yako kwa Afisa Utumishi.

Fundi alikagua gari jioni ileile. Ilihitajika hozi mpya, sili za silinda, chujio na mafuta. Ombi la vipuri nililiandika asubuhi ya tarehe 9. Vipuri vilifika tarehe 24. Fundi alivifunga tarehe 25 na 26, na tarehe 27 gari likarudi barabarani.

Kazi ya fundi ilichukua siku 2. Siku nyingine 17 gari lilikuwa linasubiri. Katika siku hizo 17, kwa tripu mbili kwa siku, tulipoteza tani 197. Tungekuwa nazo, mwezi huu tungefika asilimia 76, juu ya Februari, pamoja na mvua na matatizo mengine yote. Kitengo cha Ununuzi kilifuata taratibu zake na sina lawama kwao. Lakini utaratibu unaofaa kununua gari jipya unatumika vilevile kununua hozi, na kipuri ambacho fundi anakibeba kwa mkono mmoja kimetunyima karibu tani 200.

Tipa Na. 4 ililala siku 9: siku 4 kwa springi iliyokatika, siku 5 kwa kukosa matairi mawili ya nyuma. Vyote viwili chanzo chake ni mita 700 za mwisho za barabara ya dampo. Pale mahandaki yamejaa maji, dereva haoni kina, na gari lenye mzigo linapiga chini. Gari Na. 5 lilisimama siku 4 kwa betri na mnyororo wa kunyanyulia. Na. 3 ilisimama siku 3 kwa pancha za misumari, na Na. 1 siku 2 kwa servisi ya kawaida. Servisi hiyo nimekataa kuiahirisha hata pale tulipobanwa sana, kwani Na. 1 ndilo lililobeba mji.

Malalamiko

Tumepokea malalamiko 61. Februari yalikuwa 38. Kati ya hayo, 34 ni ya gari kutopita, 12 ya vizimba kufurika, 7 ya moshi wa taka zinazochomwa mitaani, 5 ya wazoaji kudai pesa, na 3 ya maji ya taka kuchuruzika barabarani kutoka kwenye magari.

Lalamiko moja limebadili namna tunavyofanya kazi. Mama mmoja ambaye mlango wake unatazamana na kizimba cha mtaa wa nyuma ya soko alifika ofisini tarehe 20 akiwa na daftari la shule la mtoto wake. Ukurasa wa mwisho alikuwa ameandika kila tarehe ambayo gari lilipita tangu Machi ianze. Zilikuwa nne. Daftari la dereva wa njia hiyo lilionyesha saba. Nililinganisha na daftari la mlinzi wa dampo kwa tarehe zile tatu zilizozidi, na gari hilo siku hizo lilishusha mzigo mara moja tu badala ya mbili. Mama alikuwa sahihi. Dereva alikiri kwamba njia ilikuwa inamshinda muda na alijaza daftari ili ionekane imekamilika. Amepewa onyo la maandishi.

Nilikwenda mwenyewe kwa mama huyo kumwomba radhi kwa niaba ya ofisi. Kizimba chake kilikuwa kimefurika hadi kwenye mfereji, funza wanatambaa ukutani, na watoto wanapita hapohapo kwenda shule. Tulikisafisha siku ileile na kunyunyiza chokaa. Tangu tarehe 21 Machi hakuna tripu inayohesabiwa bila hati yenye sahihi ya dereva na ya mlinzi wa dampo.

Kuhusu kudai pesa, malalamiko mawili yamethibitika na yanamhusu mzoaji mmoja. Suala lake lipo kwa Afisa Utumishi. Matatu bado tunayafuatilia. Moshi unahusiana moja kwa moja na gari kutopita, kwani ukikaa na mfuko wa taka wiki mbili, utauchoma.

Usalama wa wafanyakazi

Tarehe 14 Machi mzoaji wa gari Na. 1 alichomwa na sindano iliyokuwa ndani ya mfuko wa kawaida uliotoka kwenye kituo kimoja cha afya. Sindano ilipenya glavu. Alioshwa jeraha kwa maji na sabuni, akafikishwa hospitali ndani ya saa mbili na kuanzishiwa dawa za kinga dhidi ya virusi vya Ukimwi, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28. Anaendelea nazo na yuko kazini kwa kazi nyepesi. Nimekaa na mkewe na kumweleza, kwa idhini ya mwenyewe.

Sindano hazipaswi kabisa kufika kwenye gari letu. Zinatakiwa kuingia kwenye kisanduku kigumu cha vyenye ncha kali na kuteketezwa. Nimeandika kwa mganga mkuu kupitia ofisi yako tarehe 15 na bado nasubiri jibu. Nimewaelekeza wazoaji wasibebe mfuko wowote wa kituo hicho hadi tupate jibu hilo, na naomba uniunge mkono katika hili hata kama kituo kitalalamika.

Hatua za Aprili

Ombi langu la kwanza na kubwa ni masurufu ya kudumu kwa karakana, yatakayorejeshwa kila mwezi kwa stakabadhi, ili fundi awe na akiba ya hozi, sili, chujio, betri moja, mnyororo mmoja na matairi manne. Orodha kamili nimeiambatisha kwa Kitengo cha Ununuzi. Nikipata idhini yako kabla ya tarehe 10, naahidi kwamba hakuna gari litakalolala zaidi ya siku 3 kwa kukosa kipuri kilichomo kwenye orodha hiyo.

La pili ni greda na changarawe kwa zile mita 700, kabla mvua kubwa hazijakata njia kabisa. Barabara hiyo ikikatika, magari yote matano mazima hayatakuwa na kazi.

Yaliyo ndani ya uwezo wangu nimeshayaanza. Kuanzia tarehe 5 gari Na. 2 litafanya zamu ya alfajiri ya ziada kwenye vizimba sita vilivyolimbikiza taka, kwa wiki mbili. Njia iliyomshinda dereva nimeigawa mara mbili, nusu yake ikichukuliwa na tipa Na. 3. Viongozi wa Soko Kuu wamekubali kujaribu kutenga taka za mboga kwenye kontena moja, tuzipeleke kwa vikundi vinavyotengeneza mboji badala ya dampo. Tutaanza na safu moja ya wauza mboga, na nitaleta uzito wake kwenye taarifa ijayo. Glavu nene za ngozi zipo jozi 12 tu stoo na wazoaji ni 31. Nimezigawa kwanza kwa magari ya kushindilia.

Lengo la Aprili ni asilimia 70 ya tani 1,380, yaani tani 966. Nimelikadiria kwa magari yote matano yakiwa kazini angalau siku 26 kila moja. Nakuomba pia nafasi ya nusu saa wiki ijayo, pamoja na Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi, tuzungumzie masurufu hayo.

Naomba kuwasilisha.

Msimamizi wa Taka Ngumu na Usafi wa Mazingira